Ng'ombe Mmoja wa Nkoaranga na Hesabu ya Bima

Katika warsha zetu husemwa kwamba mfugaji asiyekata bima hana elimu. Vijiweni hapa Arusha husemwa kinyume chake: mjinga ni yule anayekata, kwa kuwa kampuni hukusanya kuliko inavyolipa. Kauli hii ya pili ina ukweli ndani yake, ila hesabu yake haijakamilika.

Tumchukue mfugaji wa kufikirika huko Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, anayefuga ng'ombe wa maziwa kwa kumlisha bandani. Mali yake yote ni shilingi milioni 4, na milioni 3 kati ya hizo ni ng'ombe huyo mmoja. Tuseme uwezekano wa ng'ombe kufa ndani ya mwaka, kwa ndigana kali au sababu nyingine, ni 5 katika 100. Hasara inayotarajiwa ni shilingi 150,000. Kampuni inadai ada ya 180,000, maana kuna wakala na daktari wa mifugo wa kulipwa, na faida pia. Je, mfugaji anapunjwa?

Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alionyesha kwamba shilingi hazina uzito mmoja: milioni ya mwisho iliyobaki nyumbani hubeba chakula na karo, ilhali milioni ya mia ni nyongeza tu. Yeye alitumia logi. Kwa wepesi, mimi nitapima manufaa kwa kipeuo cha pili cha mali, ikihesabiwa kwa mamilioni. Milioni 4 humpa manufaa 2. Akibakiwa na milioni 1, manufaa ni 1. Bila bima, wastani wake ni 0.95 × 2 + 0.05 × 1, yaani 1.95. Kiasi cha uhakika chenye manufaa hayo ni shilingi 3,802,500. Kwa hiyo yuko radhi kulipa hadi 197,500 ili aondokane na hatari ile. Ada ya 180,000 inamfaa. Ya 210,000 angeikataa, na angekuwa na haki.

Mwenye mali ya milioni 100 na ng'ombe kama huyohuyo hangevuka takriban 151,000. Kwake kifo cha ng'ombe ni usumbufu, si anguko. Ndiyo maana ushauri wa matajiri kuhusu bima huwa mbaya kwa maskini.

Lakini hesabu hii yote inadhani kwamba fidia italipwa. Ng'ombe akifa na dai likakataliwa, labda kwa sababu hereni ya sikioni haikuonekana, mfugaji anabaki na 820,000, hali mbaya kuliko ya jirani ambaye hakukata bima kabisa. Kwa namba hizi hizi, akiamini kwamba madai 9 tu katika 100 hukataliwa, uamuzi wa busara kwake ni kutokata. Wanaomwita mjinga hawajamwuliza jirani yake alilipwa au la.