Akika si fujo, baba mwenye nyumba

Leo nina hasira, na sitajifanya sina.

Nakaa Magomeni, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, karo moja. Mnazijua nyumba hizi, wengi wetu tumezaliwa humo. Jirani yangu wa chumba cha nne alipata mtoto wa kike, siku ya Jumapili asubuhi. Mkewe alijifungua kwa upasuaji. Baba mtoto akahesabu siku kama wanavyohesabu Waislamu wa mwambao: Jumapili ya kwanza, Jumatatu ya pili, mpaka Jumamosi ya saba. Siku ya saba mtoto ananyolewa nywele, anapewa jina, anachinjiwa. Wa kiume mbuzi wawili, wa kike mmoja. Ndiyo akika.

Jumanne akamtumia ujumbe mwenye nyumba: "Shikamoo mzee. Naomba Jumamosi tumfanyie mtoto akika hapo uani. Tutajitahidi kelele zisiwe nyingi na tutafanya usafi."

Mzee alikaa kimya siku mbili. Alhamisi jioni akajibu: "Hapana. Sitaki fujo kwenye nyumba yangu."

Basi. Akika ikahamia kwa shangazi yake mtoto, Mbagala. Mama mwenye mshono wa wiki moja tumboni akapakiwa kwenye bajaji na kichanga chake, akavuka nusu ya jiji, foleni ya Jumamosi, matuta yote yanamwingia tumboni. Na huyu ni mwanamke ambaye kwa mila zetu hakutakiwa kuvuka kizingiti cha mlango mpaka arobaini iishe. Ndiyo maana shughuli ya mtoto hufanyika pale alipo mzazi. Watu ndio humfuata.

Kuna watakaosema, si angeahirisha? Ni kweli, wanazuoni wengi wanasema siku ya saba ikikupita, chinja ya kumi na nne, ikikupita chinja ya ishirini na moja. Lakini Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kumi na nne, na mzee hakusema "si wiki hii." Alisema hapana, nukta. Halafu hizo siku za akiba ziliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosa mbuzi. Hazikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosa ridhaa ya mwenye nyumba.

Sasa ngojeni niwamalizie. Wiki mbili baadaye tulirudi kazini tukakuta turubai uani. Mzee anamfanyia binti yake sendofu. Spika mbili zenye urefu wa mlango, muziki mpaka saa nane usiku, na asubuhi karo limeziba kwa wali. Nani alituomba ruhusa? Turubai ndilo lilikuwa taarifa.

Nauliza hivi: hiyo ruhusa ambayo mzee alimnyima jirani yangu, ilikuwa ya kwake kuitoa?

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ya mkataba ana haki ya kukaa kwa amani na utulivu pale alipopanga bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Haki hiyo imo kwenye pango hata kama karatasi yenu haikuitaja. Ukilipa kodi ya miezi sita mkononi, umenunua miezi sita ya kuishi, na kuishi ni pamoja na kuzaa na kumpa mtoto jina. Chumbani kwako ukikaa na ndugu zako mkasoma dua, mwenye nyumba haingii.

Lakini tusidanganyane, haki hiyo ina mipaka yake. Kama mkataba wako unasema hakuna shughuli bila idhini, na wewe umeusaini, umejifunga mwenyewe. Usome kabla dalali hajakimbia na kodi yake ya mwezi mmoja. Mpaka wa pili ni ua. Ua si wako peke yako. Ila angalieni vizuri: ua haukukodishwa kwako peke yako, lakini siku ile ya akika haukuwa wa mzee peke yake pia. Ni wetu sote wa vyumba sita tunaoutumia kila siku. Mzee anakaa Tabata. Kelele za Jumamosi zisingemfikia. Aliyetakiwa kuulizwa kwanza ni mlinzi wa chumba cha pili anayekesha kazini na kulala mchana. Ni mama wa chumba cha sita anayepika vitumbua na anahitaji jiko na karo alfajiri ya Jumapili. Mwenye nyumba anastahili kupewa taarifa, kwa adabu na mapema, kwa sababu kuta ni zake. Ila kupewa taarifa ni jambo moja, na kupigiwa magoti ni jambo lingine.

Hapo nimemaliza na mzee. Sasa nawageukia ninyi wapangaji wenzangu, na msinune.

Ule ujumbe wa jirani yangu ulikuwa mbovu. Nampenda jamaa, lakini ulikuwa mbovu. "Tutajitahidi kelele zisiwe nyingi." Nyingi ni ngapi? "Tutafanya usafi." Usafi wa nini, nani atafanya, lini? Kila mpangaji huahidi hivyo hivyo, pamoja na yule wa mwaka juzi aliyesema ni duwa ndogo, halafu usiku ukageuka kigodoro. Mwenye nyumba aliyekwisha kuumwa na nyoka akiona ung'ongo anaruka. Ukimpa maneno matupu, anayajaza mwenyewe kwa kumbukumbu zake mbaya.

Na kumbukumbu hizo ni za kweli. Nimeshuhudia shughuli za kutosha kujua kinachoharibika. Cha kwanza ni ukuta. Watu wanakwepa upepo, wanabandika sufuria la pilau kwenye mafiga karibu na ukuta, na moshi wa kuni unaacha doa jeusi ambalo sabuni haliwezi. Ni rangi mpya tu. Cha pili ni karo. Maji ya kuoshea masahani ya pilau yana mafuta na punje za wali, yakimwagwa moja kwa moja yanaganda njiani, na Jumatatu maji yanarudi juu. Cha tatu ni choo. Choo cha familia sita kikipokea wageni arobaini kwa saa tatu, shimo linajaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya majitaka tunalichangia wote, hata ambaye hakula pilau. Cha nne ni damu. Mbuzi akichinjwa uani bila shimo kuchimbwa, nzi watakuhesabia siku.

Kelele zenyewe, kwa akika, ndizo hofu ndogo kuliko zote. Akika ni shughuli ya mchana, ya dua na maulidi. Kinachobadilisha mambo ni kipaza sauti, na yule binamu anayekuja na spika yake magharibi ikishaingia, eti "tuchangamshe." Zuia hivyo viwili, umemaliza.

Kwa hiyo siku ile ujumbe ungeandikwa hivi. Niliukaa nikauandika mwenyewe, kwa uchungu, baada ya mambo kuharibika:

"Shikamoo mzee. Mungu ametujalia binti. Jumamosi hii ni siku yake ya saba, tunamfanyia akika hapa nyumbani kwa kuwa mama yake ana mshono na hawezi kusafiri. Wageni ni arobaini, ndugu na majirani. Wataingia saa tisa alasiri, maulidi yatasomwa bila kipaza sauti, watakula, na saa kumi na mbili, kabla ya magharibi, ua utakuwa mtupu. Hakuna muziki. Mbuzi atachinjwa buchani, tutaleta nyama tu. Pilau ya kilo tano itapikwa katikati ya ua, mbali na ukuta. Tunanunua madumu ishirini ya maji ya mkokoteni ili tusiguse tangi la nyumba. Maji ya vyombo yatachujwa kwanza, makombo yataingia kwenye mfuko. Mimi na mdogo wangu tutaosha choo na karo usiku huo huo. Wapangaji wote watano nimezungumza nao na wameridhika. Mlinzi atalala kwa rafiki yake siku hiyo, nauli nampa mimi. Shilingi elfu thelathini nimeziweka kwa mama wa chumba cha sita. Jumapili asubuhi akiona kilichoharibika, zitatengeneza. Karibu sana mzee, ukiwa na nafasi uje utuombee dua."

Fanyeni hesabu kidogo. Madumu ishirini ya lita ishirini ni lita mia nne, yaani lita kumi kwa kila mgeni: kupika, kunawa, kuosha vyombo na kumwaga chooni. Kilo tano za mchele, ukihesabu kilo moja kwa watu wanane, zinatosha arobaini. Ukishaandika namba hizo kuna jambo unaligundua wewe mwenyewe: ukialika watu mia, ua hautoshi, choo hakitoshi, maji hayatoshi. Hapo hata mimi nakwambia kodi ukumbi. Na ukitaka kufunga mtaa kwa maturubai, hiyo si ya mwenye nyumba tena, nenda serikali ya mtaa ukatafute kibali.

Mtaniuliza, mzee angekubali? Huenda asingekubali. Wapo wanaosema hapana ili tu usisahau nyumba ni ya nani. Lakini ujumbe ule ungembana. Akishaambiwa hakuna muziki, hakuna damu, hakuna moshi ukutani, na fedha ya dhamana ipo, neno "fujo" halina tena pa kukaa. Angelazimika kusema sababu yake halisi, na watu wa namna hiyo huona aibu kuisema kwa sauti. Tena wapangaji watano tuliokwisha kuridhika tungempigia simu mmoja mmoja. Siku ile hatukupiga, kwa sababu hatukuulizwa. Tulisikia habari Ijumaa usiku, mama mtoto akifunga nguo kwenye begi huku amejishika tumbo.

Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulikuwa vyumba sita na hakuna aliyeinua simu. Tukasimama mlangoni tukampungia mkono mama mwenye mshono kama vile anakwenda matembezini.

Mzee, kama unasoma: binti wa chumba cha nne ameshapewa jina. Alipewa Mbagala. Arobaini yake inafanyika hapa uani, wapangaji wote sita tumekubaliana, na barua ya taarifa utaipata wiki moja kabla, yenye saa, idadi na sahihi sita. Hatutaandika "tunaomba."

Na lile doa la moshi la sendofu ya binti yako bado liko ukutani. Tukuletee rangi?