Sombe ya Noeli na Barabara ya Bunagana

Na Baraka Mumbere

Mtu wa Kanyaruchinya anayefanya kazi Kampala hawezi kulaumu bahari anapokosa mlo wa Noeli kwao, kwa kuwa njia ya kawaida ya kurudi, ile inayovuka mpaka Bunagana, hupita Rutshuru, Rumangabo na Kibumba, kisha humfikisha Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, kabla gari halijaingia mjini. Upweke wake una uchungu wa namna yake, kwani nyumbani si mbali ila njia ndiyo inayofungwa.

Desemba 2022 ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Bunagana ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu tarehe 13 Juni, na mwishoni mwa Oktoba Rutshuru na Kiwanja nazo zilitwaliwa, hivyo maelfu ya watu waliteremka na kujenga vibanda vya maturubai juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo huko Kanyaruchinya. Tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Noeli, M23 walitangaza kuikabidhi Kibumba kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bila shaka wengi walioko ugenini walianza kuhesabu saa za safari, lakini barabara haikufunguka. Iliyobaki ilikuwa njia ya kuzunguka kupitia Gatuna, Kigali na Gisenyi, ambayo ina mipaka miwili ya kuvuka na inadai hati za kusafiria na nauli kubwa zaidi, ilhali chungu cha nyumbani, kwa familia zilizokuwa zimewapokea ndugu kutoka Rutshuru, kilikuwa kikilisha watu wengi kuliko kawaida.

Anachokikosa mtu huyo si wali wala nyama, vitu ambavyo Kampala havikosekani, bali ni kazi inayotangulia chakula. Sombe, yaani majani ya muhogo, haiwezi kupikwa kwa haraka: majani mabichi yana kemikali inayozaa sumu ya sianidi, na kuyatwanga kwenye kinu hupasua chembe za jani ili kimeng'enyo kilichomo ndani kiivunje kemikali hiyo, kisha kuchemsha kwa muda mrefu, bila kufunika sufuria mwanzoni, huiondoa sumu pamoja na mvuke. Ndipo huongezwa mawese, vitunguu, biringanya na, mfuko ukiruhusu, karanga au sambaza wa Ziwa Kivu. Kwa hiyo mkesha wa sikukuu ni saa nyingi za watu kukaa pamoja wakipokezana mchi, wakisengenya kidogo na kupanga harusi za watu, na ni saa hizo, kuliko bugali wenyewe, ambazo simu haiwezi kuzibeba. Anayepiga simu wakati huo husikia kinu kikilia nyuma ya sauti ya mama, naye huambiwa kwamba hakuna kilichopungua, maneno ambayo pande zote mbili zinajua kuwa ni ya kufarijiana.

Badala ya mtu, hutumwa pesa, nazo zina ukatili wake. Baada ya Goma kutwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, noti zikaadimika, na mawakala wa pesa za simu wakaanza kudai malipo ya juu kuliko awali. Kwa mfano, wakala akikata asilimia 5 kwenye dola 100, zinaondoka dola 5 ambazo zingenunua mafuta ya kupikia, na anayetuma tarehe 23 Desemba huongeza hasara hiyo kwa kununua siku ambayo kila muuzaji amepandisha bei. Wapo wanaosema kwamba aliyelipia mlo ameshakula pamoja na wenzake. Safu hii haikubali: mlipaji anabaki na njaa yake, na kuificha kwa lugha ya wajibu ni kumwongezea mzigo.

Hata hivyo, kuna utaratibu mmoja wa nyumbani unaostahili kutazamwa, nao ni wa mbuzi. Pesa ikitumwa mwezi wa Septemba, kabla ya pilikapilika za mwisho wa mwaka, huweza kununua mbuzi mdogo anayelishwa maganda ya ndizi na ya viazi, na faida yake ni kwamba, tofauti na sombe, mbuzi aliye hai hana tarehe ya kuharibika. Anaweza kuvuka Noeli, akavuka Bonane, yaani sikukuu ya mwaka mpya, akangoja hadi njia ipitike. Zipo hatari, kwa kuwa mbuzi huibwa, huugua, na familia inayolazimika kukimbia huenda ikamuuza kwa bei ya kutupa, kwa hiyo ni busara kukubaliana mapema ni nani atakayeamua auzwe na ni lini. Maadamu uamuzi huo unajadiliwa kwa simu kila mwezi, aliyeko Kampala haambiwi tu kilicholiwa, bali anaulizwa kitakacholiwa, na sikukuu ya familia inapata tarehe nyingine: siku yoyote atakayoshuka garini.