Jumla ya mwaka kwenye salari slipu: usiishie kulinganisha na mwezi uliopita

Mshahara ukiingia, mzazi mwenye ada ya shule na kodi ya nyumba mezani huangalia mstari mmoja tu wa salari slipu, ule wa fedha anayobaki nayo mkononi. Ikiwa umelingana na ujumbe wa benki kwenye simu, karatasi inakunjwa na kuwekwa kabatini. Lakini pembeni mwa makato ya mwezi kuna safu nyingine, mara nyingi imeandikwa YTD. Hiyo ni jumla ya kila kitu tangu mwaka ulipoanza, na ndiyo inayoweza kufichua kosa ambalo ujumbe wa benki hauwezi kulionyesha.

Chukua mfano wa mama anayeishi Mtoni, Temeke, na kufanya kazi kiwandani Chang'ombe kwa mshahara wa Sh600,000 kwa mwezi. NSSF anakatwa asilimia 10, yaani Sh60,000. Kodi inapigwa kwenye Sh540,000 zinazobaki, na kwa viwango vya Tanzania Bara inakuwa Sh24,000. Anapokea Sh516,000. Hali ni hiyo hiyo kuanzia Januari hadi Mei. Juni anaongezwa mshahara na kufika Sh640,000. NSSF inapanda kuwa Sh64,000, kodi Sh31,200, na anapokea Sh544,800.

Slipu ya Juni inaonyesha jumla ya mshahara tangu Januari kuwa Sh3,640,000, kodi Sh151,200 na NSSF Sh304,000. Je, ziko sawa?

Watu wengi wanaojua kukagua hutumia njia ya mkato. Wanachukua jumla iliyoandikwa kwenye slipu ya mwezi uliopita, wanaongeza makato ya mwezi huu, kisha wanaangalia kama jibu linalingana na jumla mpya. Slipu ya Mei ilikuwa na jumla ya NSSF ya Sh240,000. Ukiongeza Sh64,000 za Juni unapata Sh304,000, sawasawa na ilivyoandikwa. Kwa njia hiyo slipu haina kosa.

Tatizo ni kwamba jumla ya Mei nayo ilibebwa kutoka Aprili, na ya Aprili kutoka Machi. Kosa likishaingia mwezi mmoja, linabebwa hadi Desemba, na kila mwezi njia ya mkato itasema mambo ni sawa. Ndiyo maana dawa yake ni kutoa slipu zote na kujumlisha makato yenyewe, mwezi hadi mwezi, bila kugusa safu ya YTD. Miezi mitano ya Sh60,000 ni Sh300,000, na Juni Sh64,000. Jibu ni Sh364,000. Slipu imepungukiwa Sh60,000.

Ukubwa wa tofauti wenyewe una la kusema. Sh60,000 ni mchango kamili wa mwezi mmoja, kwa hiyo hapa kuna mwezi mzima ambao haukuhesabiwa. Tofauti ingekuwa ya kiasi kile kile lakini kwa kuzidi, ingeelekea kuwa mwezi umeingizwa mara mbili. Kisha aangalie safu nyingine. Mshahara na kodi vimejumlishwa sawa, hivyo mwezi wenyewe upo kwenye hesabu. Kilichokosekana ni NSSF peke yake.

Ili kuujua mwezi, anapanga slipu kwa zamu na kusoma jumla za NSSF tu. Januari Sh60,000, Februari Sh120,000, Machi Sh180,000. Aprili bado Sh180,000. Hapo ndipo jumla iliposimama. Lakini kwenye makato ya Aprili, Sh60,000 imeandikwa, na benki iliingia Sh516,000 kama kawaida. Fedha ilitoka mfukoni mwake, ila haikuingia kwenye jumla.

Jambo kama hili linaweza kutokea ofisi inapobadili mfumo wa kompyuta wa mishahara, au makato ya mwezi yanapoingizwa kwenye fungu lisilo la NSSF. Inaweza kuwa kosa la kuandika tu, na mchango ulishafika mahali pake. Inaweza pia kuwa haukupelekwa kabisa. Slipu haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili, kwa sababu jumla yake inaonyesha alichoandika mwajiri, si kilichopokelewa na mfuko.

Jibu liko kwenye taarifa ya michango ya mwanachama, inayopatikana NSSF. Kwa kuwa mwajiri wa mama huyu anachangia asilimia 10 nyingine, mstari wa Aprili unapaswa kuwa na Sh120,000, si Sh60,000. Asishtuke Juni ikiwa bado haionekani mwanzoni mwa Julai, kwani mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha kuwasilisha mchango. Aprili, kwa upande wake, ilipaswa kuwa imefika kabla Mei haijaisha.

Mwezi mmoja unaweza kuonekana mdogo, hadi siku mafao yanapodaiwa. Kwa mafao ya uzazi, mwanachama wa NSSF anatakiwa awe amechangia angalau miezi 36, na 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Mjamzito mwenye miezi 35 kwenye kumbukumbu, kwa sababu Aprili moja ilipotea, atakuwa anaanza kutafuta slipu za zamani wakati ambao anapaswa kujiandaa kwa mtoto.

Kabla ya kwenda ofisini, kuna jambo moja la kuhakikisha: mwaka wa slipu unaanza lini. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba, lakini baadhi ya ofisi huhesabu jumla kuanzia Julai kufuata mwaka wao wa fedha. Kulijua ni rahisi. Atafute slipu ambayo jumla ya YTD ni sawa na makato ya mwezi wenyewe. Huo ndio mwezi wa kwanza. Aliyeajiriwa katikati ya mwaka ataanzia mwezi aliopokea mshahara wa kwanza.

Akifika kwa mhasibu, aende na slipu za Machi na Aprili, na aulize jambo moja: "Dada, habari za kazi. Aprili nilikatwa NSSF shilingi elfu sitini, lakini jumla haikupanda kutoka Machi. Naomba tuangalie pamoja mchango huo uliingia wapi." Swali la namna hiyo halimtuhumu mtu, na linajibika kwa kufungua kumbukumbu za mwezi mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi kila anapolipa mshahara, kwa hiyo kuomba nakala ya slipu iliyopotea si kuomba fadhila.

Marekebisho nayo yakaguliwe. Mshahara ukibaki Sh640,000, slipu ya Julai inapaswa kuwa na makato ya NSSF ya Sh64,000 na jumla ya Sh428,000. Ikiwa makato ya Julai ni Sh124,000, jumla itasoma Sh428,000 vile vile, lakini Aprili itakuwa imelipwa mara mbili kutoka mfuko ule ule. Hapo arudi kwa mhasibu siku hiyo hiyo, akiwa na slipu ya Aprili mkononi.