Fungate ya theluji: ulizeni mteremko kwanza

Shoga zangu, bibi harusi anayetamani theluji mimi humshauri Uludağ, Uturuki. Mlima uko juu ya mji wa Bursa, chakula ni halali, na karibu na mahoteli ipo miteremko mipole ya wanaoanza. Hiyo ndiyo ya kuulizia kabla ya kulipa, si uzuri wa chumba. Mgeni akipandishwa juu, hushuka kwa machozi.

Chukueni mwalimu saa mbili za asubuhi, basi. Magoti yakitetemeka, vueni viatu. Mtu akichoka ndipo anapoanguka vibaya. Mswali Adhuhuri, mpumzike. Siku ya pili msiteleze: teremkeni Bursa kwa gari la kamba, mkaswali Ulu Cami, msikiti wa kuba 20.