Koseti nne zinatosha kwa kundi la elementi 36

Mwandishi, hoja yako ya kuhesabu elementi, ya kuonyesha kwamba kila kundi G la elementi 36 lina kundi dogo la kawaida ambalo si kitambulisho pekee wala G nzima, inaishia njiani. Makundi madogo manne ya elementi 9 yakikutana kwenye kitambulisho pekee, sawa, yanachukua elementi 32 zisizo kitambulisho na hesabu inakamilika. Lakini yanaweza kushirikiana zaidi ya hapo, na ndipo hesabu hiyo inapokwama.

Koseti hazijali hilo. Chukua kundi dogo H la elementi 9, ambalo Sylow anatuhakikishia lipo. Lina koseti 36/9 = 4. Kila elementi ya G, ikizidisha kutoka kushoto, inazipanga upya koseti hizo, na mipangilio ya vitu vinne ni 24 tu. Elementi 36 hazienei humo bila mbili kuangukia mpangilio mmoja, kwa hiyo kiini K kina zaidi ya kitambulisho. Nacho kiini ni kundi dogo la kawaida siku zote. Wengi husahau kuhakiki kwamba K si G nzima: elementi ya K huiacha koseti H mahali pake, hivyo imo ndani ya H. Basi K kina elementi 3 au 9.

Jaribu A₄ × C₃: makundi madogo yote manne ya 9 yana C₃ hiyo hiyo ndani yake, na ndiyo K.