Sista anapokwenda masomoni, wagonjwa wa figo waagwe

Kila mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, wodi zetu hupungukiwa wauguzi. Barua ya ruhusa ya masomo hutoka Alhamisi, Ijumaa muuguzi anakabidhi funguo, na wiki inayofuata yuko darasani. Wenzake humnunulia keki na soda, wanapiga picha, mkuu wa idara anasema maneno mawili. Wagonjwa hawaambiwi kitu. Katika wodi ambayo mtu hulazwa siku tatu akarudi kwake, hilo si tatizo kubwa. Katika kitengo cha kusafisha damu ni tatizo, na mimi ninayeandika nimelishuhudia likikaribia kuua.

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa hupaswa kuja kwenye mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila anapokuja. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 150. Muuguzi anayemhudumia kwa miaka mitatu humwona kuliko wanavyomwona watoto wake walioko mikoani. Anaujua mkono wake vizuri, maana humo ndimo kuna ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili upitishe damu nyingi. Wenyewe huuita fistula, nayo si ile fistula ya uzazi unayoisikia redioni. Kila kikao huchomwa sindano mbili, na mahali pa kuchoma panapaswa kuhamahama. Muuguzi mgeni hupenda pale palipolainika kwa kuchomwa mara nyingi, kumbe papo hapo ndipo ukuta wa mshipa umeanza kuchoka na kuvimba.

Lakini jambo lililotupata sisi halikuwa la sindano. Lilikuwa la uzito.

Figo zikikoma, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Kwa hiyo kila mgonjwa ana kile tunachokiita uzito mkavu, yaani kilo anazopaswa kuwa nazo akiwa hana maji ya ziada. Tulikuwa na mzee mmoja ambaye faili lake lilisema uzito mkavu ni kilo 58. Akija na kilo 60 na nusu, tunajua kilo mbili na nusu ni maji, tunatoa lita mbili na nusu. Hesabu rahisi.

Mzee huyu akaugua malaria, akapoteza hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akakonda. Nyama ya kilo mbili hivi iliondoka. Sasa uzito wake mkavu wa kweli ukawa kama kilo 56, ila mizani haijui kutofautisha nyama na maji. Ukimwacha kwenye kilo 58, unamrudisha nyumbani na lita mbili za ziada huku karatasi ikionyesha kila kitu kipo sawa.

Sista wake aligundua kwa swali moja alilokuwa akimuuliza kila asubuhi: “Mzee wangu, jana umelalia mito mingapi?” Alipojibu mitatu badala ya mmoja, alinifuata, tukakubaliana aanze kumtolea kidogo kidogo zaidi, nusu lita kwa kikao, akimwangalia asije akaanza kupiga miayo na kutoka jasho, dalili kwamba presha inashuka. Mzee akapata nafuu.

Hapa lazima nijisute. Tulikubaliana kwa mdomo, nikiwa nimesimama mlangoni. Faili nililiacha na kilo 58.

Barua ya masomo ikaja, Sista akaondoka ndani ya siku mbili. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kuwaaga, akijua atalia mbele yao. Aliyempokea alikuwa muuguzi mzuri, mwenye bidii, akafuata faili kama alivyofundishwa. Haikupita wiki mbili, mzee akaletwa usiku akiwa ameketi kwenye kiti cha gari, hawezi kulala chali, anahema kama aliyekimbia. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu. Tukamweka kwenye mashine usiku ule ule, akapona.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema kwamba mito imerudi kuwa mitatu, alinijibu: “Daktari, huyu mpya hajaniuliza. Na yule wangu ameondoka hata kwaheri hakuna. Nilidhani nimemkosea.”

Msomaji, jibu hilo ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa nikidhani kuaga ni suala la adabu. Kumbe mzee alikuwa na taarifa ambayo ingemwokoa, na mtu aliyezoea kumpa alikuwa ametoweka bila kumwonyesha mwingine wa kumpa.

Mwaka uliofuata muuguzi mwingine alipopata nafasi ya shahada, tulimwomba awaambie wagonjwa wiki tatu kabla, vikao tisa hivi. Wiki ya kwanza alimwambia kila mmoja peke yake, ameketi kando ya kiti chake. Wiki ya pili mrithi wake ndiye aliyechoma sindano, yeye amesimama pembeni akieleza: huyu tunahama kuelekea juu, huyu anaogopa kuona damu, mzungumzishe. Mambo hayo yote yaliandikwa kwenye faili, na uzito mkavu nikaupitia mwenyewe mgonjwa kwa mgonjwa. Wiki ya tatu alikuja kusalimia na kupima presha tu.

Haikwenda laini. Mama mmoja alimnunia siku nne. Binti mmoja hakuja kikao cha Jumatatu, mara yake ya kwanza tangu aanze. Hilo si la kuchekea, maana tangu Ijumaa hadi Jumatatu tayari ni pengo refu, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Alipigiwa simu, akaja Jumanne macho yamevimba. Wapo wenzangu wanaosema ndiyo maana ni bora kuondoka kimyakimya. Sikubaliani nao. Binti yule angesusa tu hata angegundua mwenyewe, na asingekuwepo wa kumpigia.

Jambo moja nililosisitiza, na hapa baadhi ya wauguzi waliniona mkali, ni kutogawa namba ya simu ya binafsi. Mgonjwa akianza kubanwa na pumzi usiku, au akigusa mkono asisikie ule mtetemo wa damu kwenye mshipa, anapaswa kuja hospitali saa ile ile. Akimpigia kwanza Sista aliye kwenye mtihani, anapoteza muda ambao hana.

Kwa hiyo kama unaye ndugu anayesafishwa damu, siku muuguzi wake akiaga, usiishie kumtakia heri. Muulize mbele ya mgonjwa: uzito mkavu wa sasa ni kilo ngapi, na uliandikwa lini? Sindano zinaelekea upande gani? Dalili gani huanza kwake kabla presha haijashuka? Andika kwenye daftari, mwende nalo kila kikao. Na asipoaga, muulize aliyebaki.

Yule mzee wa mito bado alikuwa nasi wakati wa mwago huu wa pili. Siku ya mwisho alimshika muuguzi mkono akamuuliza, “Mwanangu, ukirudi utanikuta?” Nilikuwa kiti cha pili, nikajifanya nasoma faili. Muuguzi hakumwahidi kitu. Alisema, “Mzee wangu, sijui. Ila Jumatano njoo mapema, dada yako huyu atakuwa amekuandalia kiti cha dirishani.” Kisha akamgeukia mwenzake, akamwambia amuulize mito.