Kidonge cha jana usiku hakitoshi: dawa ya kifafa inavyopungua katika damu

Katika kliniki zetu za kifafa yako maneno ambayo muuguzi huyasikia karibu kila mwezi: "Sista, amemeza dawa jana usiku mbele ya macho yangu, na bado ameanguka asubuhi." Mzazi asemapo hivyo mara nyingi anasema kweli tupu. Hata hivyo hitimisho analolitoa, kwamba dawa imeshindwa, au kwamba ugonjwa huu si wa hospitali, si sahihi. Naona kosa hili halitokani na ukaidi wa watu. Linatokana na sisi wahudumu kuwapa vidonge bila kuwaonyesha dawa inavyokwenda katika damu. Jambo lenyewe laweza kuonyeshwa kwa rula na karatasi moja ya daftari la hesabu.

Dawa ninayoizungumzia ni fenobabitoni. Ni dawa ya zamani. Daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliitumia kwa wagonjwa wa kifafa mwaka 1912, na hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazotolewa sana vijijini kwa kuwa bei yake ni ndogo na humezwa mara moja tu kwa siku, kwa kawaida usiku. Kwa nini mara moja yatosha, wakati dawa nyingine humezwa mara tatu? Jibu limo katika mchoro.

Chora mstari wa chini uwe wa siku, kuanzia 0 hadi 16. Chora mstari wa wima uwe wa kiasi cha dawa katika damu, kwa miligramu katika kila lita. Sasa tumfikirie mtu mzima aliyemeza dawa yake kila usiku kwa miezi mingi bila kukosa, na kiasi chake kimefika 24. Usiku wa leo anameza kidonge cha mwisho, kisha anaacha kabisa. Weka nukta: siku ya 0 ni 24, siku ya 1 ni 20, siku ya 2 ni 17, siku ya 3 ni 14 na kidogo, siku ya 4 ni 12, siku ya 6 ni 8 na nusu, siku ya 8 ni 6, siku ya 12 ni 3. Unganisha nukta hizo taratibu kwa mkono. Utapata mstari unaoshuka kwa kasi mwanzoni, kisha unalala polepole kama mteremko wa kilima unaoishia bondeni.

Sasa tusome. Shika kiasi cha kuanzia, yaani 24, ukigawe kwa mbili: 12. Weka rula kwenye 12 katika mstari wa wima, uisogeze kulia hadi ikutane na mstari unaoshuka, kisha teremka moja kwa moja hadi mstari wa siku. Unaangukia siku ya 4. Huo ndio muda wa nusu wa dawa hii kwa mtu huyu: siku 4. Kwa watu wazima muda huo huwa kati ya siku 2 na siku 5 hivi. Mimi nimechagua 4 ili hesabu ziwe rahisi.

Usiishie hapo. Rudia kazi ileile kuanzia 12 kwenda 6, nawe utaona umetumia siku 4 nyingine, kutoka siku ya 4 hadi ya 8. Anzia mahali popote upendapo, kwa mfano 20 kwenda 10: ile 20 iko kwenye siku ya 1, na ile 10 iko kwenye siku ya 5. Ni siku 4 tena. Sababu yake ni kwamba ini na figo haziondoi kiasi kilekile kila siku. Huondoa sehemu ileile ya kile kilichopo. Penye dawa nyingi huondoka nyingi, penye kidogo huondoka kidogo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata wanafunzi wa uuguzi. Mmoja huona kwamba katika siku 4 zimeondoka 12, basi anasema siku 4 nyingine zitaondoa 12 zilizobaki na dawa itakuwa imekwisha. Sivyo, siku ya 8 bado ipo 6. Mwingine hutazama ni lini mstari umekaribia kugusa chini, aseme kama siku ya 20, kisha agawe siku hizo kwa mbili apate 10. Huyo amegawa siku badala ya kugawa dawa. Kinachogawanywa ni kile kilicho kwenye mstari wa wima. Siku tunazisoma tu.

Haya tuyapeleke kwenye kisa kimoja, kwa kuwa karatasi peke yake haimponyi mtu. Binti wa miaka 19, ambaye hakuwa ameanguka kwa muda wa mwaka mzima, alifiwa na baba yake mdogo katika kijiji cha mbali. Alimeza dawa Jumapili usiku. Jumatatu alfajiri wakaondoka na jamaa kwa haraka, vidonge vikabaki nyumbani. Jumanne, Jumatano na Alhamisi akawa mzima, akipika na kuchota maji pamoja na wanawake wengine. Ijumaa jioni wakarudi, na mama yake, kwa kuwa ni mwangalifu, akampa kidonge usiku huohuo. Jumamosi alfajiri akaanguka, akajiunguza mkono mekoni.

Jamaa walihesabu hivi: siku zote alizokaa bila dawa hakuanguka, na siku aliyomeza ndiyo aliyoanguka. Tena ametoka msibani. Kila mtu wa kwetu anajua mazungumzo yanaelekea wapi baada ya hapo.

Turudi kwenye mchoro wetu. Hatukupima damu ya binti huyo, na hospitali nyingi za vijijini hazina kipimo hicho, hivyo namba hizi ni za mchoro tu; lakini njia ni ileile. Jumapili usiku tuweke 24. Jumatatu usiku 20, Jumanne 17. Madaktari wengi huchukua 15 kuwa kama mpaka wa chini wa kinga, ingawa wapo wanaolindwa na kiasi pungufu ya hapo na wapo wanaohitaji zaidi. Jumatano usiku imefika 14, tayari iko chini ya mpaka. Alhamisi 12. Ijumaa usiku, kabla ya kidonge, ni 10. Sasa kidonge kimoja kinaongeza kiasi gani? Tazama tena mchoro: mtu anayemeza kila usiku hupoteza kutoka 24 hadi 20 kwa siku, na kidonge cha usiku humrudisha kwenye 24. Basi kidonge kimoja kinaongeza karibu 4. Ongeza 4 juu ya 10 upate 14. Binti yule aliingia usiku wa Ijumaa akiwa bado chini ya mpaka, hata baada ya kumeza. Kidonge hakikushindwa, kilikuta shimo ambalo kidonge kimoja hakiwezi kulijaza. Zaidi ya hayo, kuacha fenobabitoni ghafula kwenyewe huuchokoza ubongo uliokwisha kuizoea, na kifafa chaweza kurudi kwa nguvu kuliko zamani.

Na kupanda nako kuna mwendo wake. Mgonjwa anayeanza dawa leo hufika nusu ya kiasi chake cha mwisho baada ya siku 4, robo tatu baada ya siku 8, na baada ya siku 16 hukaribia kabisa. Kwa hiyo anayerudi baada ya juma moja akilalamika kwamba dawa haina nguvu anastahili kujibiwa kwa upole kwamba dawa bado haijapanda. Jamaa wengine, kwa kukosa subira, humpa vidonge viwili viwili. Kiasi kinapanda kupita kiasi, mgonjwa analala mchana kutwa na kupepesuka kama mlevi, na kwa kuwa muda wa nusu ni mrefu, ulevi huo hauondoki kesho yake. Aliyesahau usiku mmoja, kwa upande mwingine, amepoteza kama sehemu moja tu ya sita ya dawa yake. Ameze dozi yake ya kawaida akumbukapo, aendelee, asirundike mbili pamoja.

Naomba nitoe angalizo juu ya mchoro wenyewe, maana si kila mstari unaoshuka unasomeka hivi. Kidonge kinapomezwa, dawa kwanza hupanda kwa saa kadhaa. Kwa hiyo usianze kusoma kwenye mlima, anza pale inapokwisha kushuka. Tena iko dawa nyingine ya kifafa, fenitoini, ambayo ikizidi katika damu, ini hulemewa likawa haliwezi kuondoa ila kiasi kilekile kila siku. Ukisoma mchoro wake kutoka juu, nusu ya kwanza yaweza kuchukua muda mrefu na nusu ya pili muda mfupi zaidi. Ndiyo maana nilisema usiishie kwenye nusu ya kwanza: ukipima mara mbili na muda haulingani, basi dawa hiyo haina muda wa nusu mmoja, na hesabu nilizofanya hapa usizipeleke huko.

Maoni yangu basi ni haya. Katika kliniki nyingi tunamwuliza mgonjwa aliyeanguka, "Jana ulimeza?" Swali hilo ni fupi mno kwa dawa yenye muda wa nusu wa siku 4. Tuulize habari za usiku kumi na nne zilizopita, usiku mmoja mmoja, tukitaja Dominika, soko, safari na misiba, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyokumbuka siku. Tukigundua pengo tusikimbilie kumwongezea dozi. Mara nyingi anayehitaji kuongezewa ni yule aliyemeza bila kukosa na bado anaanguka, na hatutamjua kama tumewachanganya wote wawili.

Pili, naona ni vibaya kumpa mtu vidonge vinavyokwisha siku ileile ya kliniki yake ijayo. Mvua ikikata barabara kwa juma moja, amekwisha shuka karibu hadi 7. Apewe akiba ya siku 7 juu, ifungwe kwenye karatasi yake pekee, na mama wa nyumba ajue ilipo. Yule binti sasa akiba yake imeshonewa mfuko ndani ya kanga anayosafiria.